Hamoniki za Shufwa Kwenye Inveta ya Wete

Inveta ilikuwa imeundwa kwa mkono: betri ya gari ya volti 12, chipu ya 555 ya kutoa mapigo, transista mbili za IRFZ44N na transfoma iliyong'olewa kwenye UPS kuukuu. Mwenyewe ana duka dogo Wete, na umeme ukikatika anataka taa tatu na feni moja ya mezani, basi. Taa zilikuwa hazina neno. Feni ilinguruma kama inasaga kitu. Lakini si feni iliyomleta fundi kwangu. Transfoma ilikuwa inavuma hata pasipo kuchomekwa chochote, na transista ya upande mmoja ilikuwa inachemka mpaka inaungua, wakati mwenziwe wa upande wa pili yuko vuguvugu tu.

"Maalim, nimeshabadilisha tatu," fundi akanambia. "Kila nikiweka mpya, inakufa ile ile ya kushoto. Ya kulia haijawahi hata kulalamika."

Alidhani transista zile ni feki. Huenda feki zipo sokoni, lakini feki haichagui upande. Kitu kinachoua kushoto peke yake kinatokana na namna pande mbili zinavyogawiwa kazi, na hilo huonekana kwenye spektra ya wimbi, yaani grafu ya masafa yaliyomo ndani yake na kimo cha kila mojawapo, kabla hata hujashika chuma cha kulehemu.

Transfoma ile ina koili ya msingi yenye waya wa kati. Betri imefungwa kwenye waya wa kati, na transista mbili hupokezana: ya kushoto ikifungua, mkondo unakwenda huku, ya kulia ikifungua, mkondo unakwenda kule. Kwa hiyo transfoma inaona volti 12 chanya, kisha volti 12 hasi, bila ya hatua yoyote katikati. Hilo ndilo wimbi mraba. Umeme wa gridi, ule unaotufikia Pemba kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ni wimbi la sini, lile linalotoka ukibonyeza kitufe cha sin kwenye kikokotoo na kuchora majibu yake.

Joseph Fourier alionyesha mwanzoni mwa karne ya 19 kwamba wimbi lolote linalojirudia linaweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi ya sini, kila moja likiwa na masafa ambayo ni kizidisho kamili cha masafa ya wimbi lenyewe. Vizidisho hivyo ndizo hamoniki. Kwa wimbi mraba linalopanda hadi V na kushuka hadi −V, nusu kwa nusu, jumla ni hii:

```
v(t) = (4V/π) [ sin(ωt) + (1/3) sin(3ωt) + (1/5) sin(5ωt) + ... ]
```

Hapa wanafunzi wangu hukwama mahali pale pale kila mwaka. Sehemu ya 4/π ni 1.27, maana yake hamoniki ya kwanza ina kimo kikubwa kuliko mraba wenyewe. Sehemu inawezaje kuzidi kitu kizima? Jibu ni kwamba hizi hazijumlishwi kwa vimo vyao, zinajumlishwa nukta kwa nukta, na mara nyingi moja inashuka wakati nyingine inapanda. Chukua katikati ya nusu ya juu, V ikiwa 1. Hamoniki ya kwanza peke yake inafika 1.27. Ya tatu pale ina thamani hasi ya 0.42, kwa hiyo jumla inashuka hadi 0.85. Ya tano inairudisha 1.10. Ya saba inaishusha 0.92. Hivyo hivyo, inazidi na kupungua huku ikikaribia 1, na kila hatua ni ndogo kuliko iliyotangulia.

Jambo la pili katika fomula ile ndilo lililotatua kisa chetu: namba zote ni za witiri. Moja, tatu, tano, saba. Mbili haipo, nne haipo, na hazikutupwa kwa sababu ni ndogo. Kimo chao ni sifuri kamili. Hamoniki ya pili humaliza mzunguko wake mzima ndani ya nusu ya mzunguko wa wimbi kubwa, kwa hiyo umbo lake katika nusu ya kwanza ni lile lile katika nusu ya pili. Wimbi mraba lililo sawa linafanya kinyume: nusu ya pili ni nusu ya kwanza iliyopinduliwa. Kitu kisichopinduka hakina nafasi ndani ya kitu kinachopinduka. Ndivyo ilivyo kwa kila namba ya shufwa. Basi ukipima wimbi linalodaiwa kuwa mraba ukakuta shufwa zimesimama, ujue nusu mbili hazifanani.

Hatukupima kwenye volti 230. Hakuna haja, na si salama kwa kompyuta wala kwa mtu. Tulikata waya za transfoma, tukaiacha saketi ya mapigo peke yake, tukachukua wimbi kwenye mguu wa 3 wa 555, ambako ndiko linakotokea. Volti 12 ni nyingi kwa tundu la sauti la kompyuta, hivyo tulizigawa kwa rizista mbili, 100k juu na 2.2k chini, zikabaki kama robo volti. Kompyuta ilikuwa inatumia betri yake, chaja imechomolewa. Sababu ya chaja nitaieleza baadaye kidogo. Tulirekodi sekunde chache kwa programu ya Audacity, sampuli 44100 kwa sekunde.

Kabla ya spektra, fundi alivuta picha ya wimbi lenyewe na kuikuza. Akaona kitu akaruka.

"Hizi hapa! Pembe hizi ndizo zinazoniulia transista!"

Ni kweli palikuwa na pembe. Kila wimbi lilipopanda au kushuka kwa ghafla, mstari ulipitiliza juu ya kipeo kisha ukatikisika mara kadhaa kabla ya kutulia. Aliyewahi kuona miiba ya volti kwenye saketi ya transfoma atadhani ndiyo ile. Lakini tazama mtikisiko unaanzia wapi. Kwenye skrini, mawimbi madogo yalikuwepo pia kabla ya mruko, kana kwamba saketi ilijua kwamba inakaribia kubadilika. Saketi haitabiri. Mtikisiko unaotangulia tukio ni alama ya kichujio cha kompyuta: kadi ya sauti hukata kila kitu kilichozidi takriban 22 kHz, kwa hiyo hamoniki za juu za wimbi zinakatwa, na mraba uliokosa hamoniki zake za juu hupitiliza karibu na ukingo kwa takriban asilimia 9 ya urefu wa mruko. Ongeza hamoniki nyingine mia na pembe haipungui urefu, inazidi kuwa nyembamba tu. Pembe zile zilikuwa za kipimo, wala hazikuwemo kwenye inveta. Vilele vyenyewe pia havikuwa bapa, viliinama kidogo, na hilo nalo ni la kapasita iliyo mlangoni mwa kadi ya sauti.

Kwa hiyo umbo lililochorwa na kadi ya sauti lina mengi ya kukupoteza. Spektra yake, kwa masafa haya ya chini, inaaminika zaidi, kwa sababu kinachotuhusu ni kimo cha kila hamoniki kati ya makumi na mamia ya hezi, na huko kadi haijagusa kitu cha maana.

Tulichagua sehemu ya rekodi, tukafungua `Plot Spectrum`, tukaweka dirisha la Hann na ukubwa wa 65536. Namba hiyo ina maana yake. Ukigawa 44100 kwa 65536 unapata 0.67 Hz, ndiyo hatua kati ya nukta moja ya spektra na inayofuata. Ukitumia ukubwa wa 2048, hatua ni zaidi ya 21 Hz, na vilele viwili vilivyo karibu vinayeyuka kuwa kilima kimoja. Gharama yake ni muda tu: sampuli 65536 ni sekunde moja na nusu ya rekodi, na tulikuwa nayo.

Kilele cha kwanza kilisimama kwenye 51 Hz. Kisha 102, 153, 204, 255, 306, na kuendelea. Nikamwambia fundi ahesabu kwa kuruka: 51 ni ya kwanza, 153 ya tatu, 255 ya tano. Hizo ni za halali. 102 na 204 na 306 zimeingiaje?

Hapa ndipo chaja inapohusika. Mtu mwenye shaka angesema 102 ni mvumo wa umeme wa ukutani, maana chaja na vifaa vingi huvuma kwenye 100 Hz. Chaja ilikuwa imechomolewa, lakini hata ingekuwa imechomekwa, namba zenyewe zinakataa. Umeme wa gridi ni 50 na mvumo wake ni 100, wakati kilele chetu kilikuwa 102, mara mbili kamili ya 51. Kwa hatua ya 0.67 Hz tofauti ya 100 na 102 inaonekana wazi. Oscileta ya kienyeji iliyokosea kidogo masafa yake ilitusaidia. Ingekuwa 50 barabara, tungelazimika kuthibitisha kwa njia nyingine, kwa mfano kwa kubadilisha rizista na kuangalia kama kilele kinahama pamoja na ukoo wake.

Vimo vilisomeka kwa desibeli. Tukikichukua kilele cha 51 Hz kama sifuri, cha 102 kilikuwa chini kwa 18 hivi, cha 153 chini kwa 10, cha 204 chini kwa 18 na nusu, cha 255 chini kwa karibu 16. Mraba ulio sawa ungeshuka 9.5 kwa ya tatu, 14 kwa ya tano na 17 kwa ya saba, bila chochote katikati. Zetu za witiri zilikuwa zimeshuka kuliko kawaida na za shufwa zilikuwa zimejaa.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba za shufwa hazikuwa zinapungua. Ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, zote zilikuwa karibu kimo kimoja, huku za witiri zikiporomoka kando yao, mpaka kwenye 408 Hz ya nane ikawa ndefu kuliko ya saba. Anayejua umbo la 1/n tu atasema spektra imeharibika. Tukiandika fomula ya wimbi mraba ambalo halikugawanyika nusu kwa nusu, inajieleza yenyewe. Tuite D ile sehemu ya mzunguko ambayo wimbi liko juu. Kwa mraba ulio sawa D ni 0.5. Kimo cha hamoniki ya n ni:

```
kimo(n) = (4V / nπ) · |sin(nπD)|
```

Weka D = 0.5 na kila n ya shufwa inatoa sifuri, kama tulivyosema. Isogeze D kidogo tu kutoka 0.5, na kwa n ya shufwa sin inaanza kukua kwa kadiri ile ile ambayo n inakua. Juu kuna n, chini kuna n, zinafutana, kimo kinabaki tambarare kwa hamoniki nyingi za mwanzo. Kwa maneno mengine, wimbi letu ni mraba mzuri uliopachikwa kipande chembamba cha ziada ukingoni mwa kila mzunguko, na kipande chembamba kinachojirudia hueneza nguvu zake karibu sawasawa kwenye hamoniki zote za mwanzo. Utambarare ule wa shufwa ndio ulionifanya niache kutafuta sababu nyingine.

Kupata D yenyewe hakuhitaji kompyuta. Gawanya kimo cha ya pili kwa cha ya kwanza, na baada ya kufuta yanayofutana inabaki |cos(πD)|. Desibeli 18.3 chini ni uwiano wa 0.122. Pembe ambayo kosini yake ni 0.122 ni nyuzi 83, na 83 kwa 180 ni 0.461. Basi D ni 0.461.

Au 0.539. Spektra ya vimo haiwezi kukwambia ipi, kwa kuwa alama ya kosini inapotea ukichukua ukubwa peke yake. Wimbi linalokaa juu asilimia 46 na linalokaa juu asilimia 54 yana vilele vile vile. Tofauti yao iko kwenye awamu, ambayo grafu ile haionyeshi. Jibu lilikuwa limeshatolewa na transista iliyoungua. Upande unaofungua muda mrefu ndio unaochemka, na wa kushoto ulikuwa unaendeshwa moja kwa moja na mguu wa 3. Wimbi lilikuwa linakaa juu zaidi.

Kwa 51 Hz mzunguko mmoja ni milisekunde 19.6. Kushoto kulikuwa kunapata 10.6, kulia 9.0. Milisekunde moja na nusu inaonekana kitu kidogo, ila transfoma haisamehe hesabu hiyo. Wastani wa volti kwenye koili si sifuri tena, ni asilimia 7.8 ya volti 12, yaani karibu volti 0.9 ya mkondo mnyoofu isiyoisha. Koili ya waya mnene ina ukinzani mdogo sana, hivyo volti hiyo ndogo inasukuma mkondo mkubwa wa upande mmoja, na kila mzunguko usumaku wa kiini unasogea upande huo huo mpaka kiini kinashiba. Kiini kilichoshiba hakizuii tena mkondo, na mwisho wa kila nusu ya kushoto mkondo unaruka ghafla kupitia transista ya kushoto. Ule mvumo bila mzigo ulikuwa sauti ya kiini kinachoshiba mara 51 kwa sekunde.

Fundi aligeuza bodi, akasoma rangi za rizista kwenye 555. R1 ilikuwa 22k, R2 130k, kapasita 0.1 µF. Kwa mpangilio wa kawaida wa 555, D ni (R1 + R2) ukigawa kwa (R1 + 2R2), kwa hiyo 152 kwa 282, jibu 0.539. Masafa ni 1.44 ukigawa kwa (R1 + 2R2)C, jibu 51. Sikutarajia ingekaa hivyo kwa usahihi. Rizista za asilimia 5 na kapasita ya asilimia 10 zingeweza kuyasogeza masafa mbali. D haikumbwi sana na makosa ya vipuri, kwa sababu kapasita haimo kabisa ndani yake. Fundi alitaka kuyaona yote kwa pamoja, tukaandika mistari hii, na vilele vyote vinane vikatoka karibu na vile vya skrini:

```python
from math import sin, pi, log10
D = 0.539
a1 = sin(pi*D)
for n in range(1, 9):
    a = abs(sin(n*pi*D)) / n
    print(n, 51*n, round(20*log10(a/a1), 1))
```

Kasoro hii haikutokana na uzembe wa fundi. 555 katika mpangilio ule huchaji kapasita kupitia rizista zote mbili na kuimwaga kupitia R2 peke yake, kwa hiyo kuchaji lazima kuchukue muda mrefu zaidi. Unaweza kuipunguza R1 na kukaribia nusu, ila huwezi kuifikia, na ukiipunguza mno chipu yenyewe inaanza kumeza mkondo bure.

Dawa ni kuacha kuitegemea oscileta kwa usawa. Tuliweka chipu ya CD4047. Ndani yake kuna oscileta inayokwenda kwa masafa maradufu, kisha kigawanyo cha mbili kinachobadilisha hali mara moja tu kwa kila mzunguko wa oscileta. Oscileta ikiwa na nusu ndefu na nusu fupi, hakuna neno, kwa kuwa kila nusu ya wimbi linalotoka ni mzunguko mmoja kamili wa oscileta, na mizunguko miwili inayofuatana inalingana. Miguu ya 10 na 11 inatoa wimbi na kinyume chake, moja kwa kila transista. Masafa ni 1 ukigawa kwa 4.4RC; kwa kapasita ile ile ya 0.1 µF na 50 Hz tunahitaji 45.5k, tukatumia 39k pamoja na rizista ya kurekebisha ya 10k.

Spektra ya mguu wa 10 ilikuwa na vilele kwenye 50, 150, 250, 350, na kati yao sakafu tupu. Ya tatu chini kwa 9.5, ya tano kwa 14. Transfoma iliporudishwa haikuvuma bila mzigo kama mwanzo, na transista mbili zikawa na joto moja.

Feni bado inanguruma, kwa sauti nyembamba kuliko ya awali. Hilo halikuwa kosa la D, ni mraba wenyewe: theluthi ya kimo iko kwenye 150 Hz, na mota iliyoundwa kwa 50 haifanyi kazi yoyote kwa hiyo 150 zaidi ya kutetemeka na kupata joto. Mwenye duka amesema ataivumilia. Fundi hakukubali. Anataka kuingiza mapumziko kati ya nusu mbili, kila transista ifungue theluthi mbili tu ya zamu yake, milisekunde 6.7 kati ya 10. Kwa kipimo hicho hasa hamoniki ya tatu inakuwa sifuri, na iliyo kubwa inayobaki ni ya tano, moja ya tano ya ile ya kwanza. Nimemtajia mawili ya kufikiria: hamoniki ya kwanza nayo itapungua kwa asilimia 13, kwa hiyo feni itazunguka kivivu kidogo asipoongeza mizunguko ya koili ya pili. Na mota inaporudisha mkondo wake wakati transista zote mbili zimefunga, volti haitatulia kwenye sifuri kama kwenye karatasi, kwa hiyo ya tatu itarudi kiasi. Kiasi gani, itabidi tupime na feni ikiwa imechomekwa.